Bei ya Mkataba wa Baadaye na Gharama ya Kukaa na Mali

Mkataba wa mauzo ya baadaye ni makubaliano ambayo watu wawili huyafunga leo, kwamba mmoja atamkabidhi mwenzake mali fulani tarehe fulani ijayo kwa bei inayopangwa sasa, ingawa fedha na mali havibadilishwi mikono mpaka siku hiyo ifike. Wengi hudhani kuwa bei hiyo ni utabiri, yaani makadirio ya mali itakavyouzwa siku ya makabidhiano. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu kwa mali inayoweza kuhifadhiwa bei ya mkataba hutokana na bei ya leo ikijumlishwa na gharama ya kukaa na mali, nayo ni riba ya fedha zilizofungwa humo pamoja na malipo ya ghala na bima.

Ichukuliwe mfano wa dhahabu inayouzwa leo dola 2,000 kwa wakia, wakati riba ni asilimia 6 kwa mwaka na gharama ya kuitunza wakia moja kwa miezi sita ni dola 4, zinazolipwa mwishoni. Riba ya nusu mwaka ni dola 60, na kwa hiyo bei ya mkataba wa miezi sita haina budi kuwa dola 2,064. Kwa alama, ambapo S ni bei ya leo, r ni riba ya mwaka, t ni muda kwa miaka na U ni gharama ya utunzaji, huandikwa hivi:

```
F = S(1 + r × t) + U
```

Uthibitisho wake haumhitaji mtu kujua lolote kuhusu kesho. Endapo kuna anayekubali kununua kwa mkataba wa dola 2,090, mfanyabiashara atakopa dola 2,000, atanunua wakia moja, ataiweka ghalani na papo hapo atafunga mkataba wa kuiuza. Baada ya miezi sita atapokea 2,090, atalipa deni, riba na ghala, jumla 2,064, na kubaki na dola 26 ambazo hakuzihatarishia chochote. Endapo bei ya mkataba ni dola 2,040, mwenye dhahabu ghalani ataiuza leo, atakopesha fedha zake apate 2,060, ataokoa dola 4 za ghala, kisha ataipokea dhahabu yake tena kwa 2,040 na kubaki na faida ya dola 24. Kadiri watu wanavyoikimbilia faida ya namna hiyo ndivyo bei zinavyosukumwa kurudi mahali pake, na hata wote wakiamini kwamba dhahabu itapanda, imani hiyo huipandisha kwanza bei ya leo, na bei ya mkataba huifuata. Mali inayomlipa mmiliki wake, kama hisa zenye gawio, hupungukiwa na gharama hiyo kwa kiasi cha malipo hayo.

Hata hivyo, hoja hii ina nguzo mbili, ya kwanza kununua mali na kuihifadhi, ya pili kuiuza leo mali iliyopo ghalani, na kila moja yaweza kuanguka peke yake. Nguzo ya pili humtaka mwenye mali akubali kuachana nayo kwa muda, jambo ambalo ni jepesi kwa dhahabu iliyolala kabatini, lakini ni gumu kwa mwenye kinu cha unga aliyebakiwa na akiba ya mahindi wiki chache kabla ya mavuno. Huyo hatauza magunia yake hata kama mkataba wa baada ya mavuno una bei ya chini sana, kwa kuwa kinu kitasimama na wateja watahama. Manufaa ya kuwa na mali mkononi yana thamani kwake, na kwa hiyo kanuni huiwekea bei ya mkataba dari tu, bila sakafu.

Nguzo ya kwanza, ile ya kununua na kuhifadhi, ilianguka hadharani tarehe 20 Aprili 2020 katika soko la mafuta ghafi la Marekani. Mikataba ya soko hilo hukabidhiwa Cushing, Oklahoma, na wakati huo janga la korona lilikuwa limekata mahitaji ya mafuta huku matangi ya huko yakiwa karibu kujaa au yamekwisha kukodishwa. Mkataba wa Mei, uliobakiza siku moja kufikia ukomo, ulifunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, maana yake muuzaji alimlipa mnunuzi ili aondokane na mzigo, ilhali mkataba wa Juni ulikuwa juu ya dola 20. Tofauti hiyo ya zaidi ya dola 57 kwa pipa haielezeki kwa riba ya mwezi mmoja. Kilichopanda ni U, kwani kwa asiye na tangi hapakuwa na bei yoyote ya kawaida ya kuhifadhi pipa moja, na faida iliyoonekana wazi kwenye karatasi ingeweza kuchukuliwa tu na yule aliyekuwa na nafasi tupu Cushing.