Kijani Kinachobaki Kidevuni

Fulana ya rangi kali huangaza pia kilicho karibu nayo. Mwanga ukiipiga, sehemu yake hurudi juu ikiwa imebeba rangi ya kitambaa, ikatua chini ya kidevu, kwenye taya, shingoni na kwenye ncha za nywele. Fulana ya kijani cha ndimu ikigeuzwa kwenye kompyuta kuwa ya buluu iliyoiva, kijani hicho hubaki mwilini bila mwenyewe, na shingo huonekana kama ya mgonjwa.

Dawa huanza kwa kupima. Katika Photoshop, kidirisha cha Info huonyesha namba za nukta yoyote inayoguswa na kishale. Tuseme shavu lisilofikiwa na kijani lina nyekundu 141, kijani 96 na buluu 72, na chini ya kidevu ni 112, 104 na 52. Shavuni nyekundu imeipita kijani mbali. Kidevuni zinakaribia kulingana. Rangi ya ngozi imesogea kutoka takribani nyuzi 21 za duara la rangi hadi 52, ambako ni eneo la njano. Hapa ndipo wengi hukwama: katika Hue/Saturation huchagua Greens, wakavuta weee, na ngozi isibadilike. Kijani kikichanganyika na ngozi ya kahawia huwa njano, kwa hiyo kinachofaa kuchaguliwa ni Yellows.

Leya ya Hue/Saturation huwekwa juu ya picha, Hue ikashushwa hadi −30. Maski yake hugeuzwa nyeusi kwa Ctrl+I, kisha sehemu zilizoathirika hupakwa nyeupe kwa brashi laini yenye Flow ya asilimia 15, kidogo kidogo, kwa sababu kijani hufifia kadiri ngozi inavyokwenda mbali na fulana. Kupunguza Saturation peke yake ni kosa, maana ngozi hubaki na rangi ya majivu.

Nywele nyeusi hutaka kinyume chake. Kijani chake hukaa kwenye mng'ao tu, na Hue ikisogezwa mng'ao huo huwa wa kahawia-nyekundu. Leya ya pili, yenye Saturation ya −60 kwenye Yellows na Greens, huutuliza vizuri zaidi.

Hata rangi ikisharekebishwa, mwanga wa fulana ya zamani bado upo. Kitambaa cha ndimu kilimulika kidevu. Buluu iliyoiva isingeweza. Kwa hiyo chini ya kidevu hutiwa giza kidogo kwa Curves. Kama fulana mpya ingekuwa ya machungwa makali, ngozi ingehitaji kuonjeshwa machungwa hayo.

Mabaki hujulikana kwa kuweka juu ya yote leya ya muda yenye Saturation ya +60. Kijani kilichojificha kwenye mkunjo wa shingo au nyuma ya sikio huwaka waziwazi, kikapakwa, ndipo leya hiyo ikafutwa.