Siri ya Mugo na Saa ya Kuitoa

Katika insha nyingi za uhakiki hukosi sentensi hii: mwandishi ametumia mbinu rejeshi ili kuipamba kazi yake. Sentensi hiyo haielezi kitu. Swali lenye uzito ni jingine: msomaji alikuwa anajua nini kabla ya kurudishwa nyuma, na anajua nini baada ya hapo?

Mwanasaikolojia wa Marekani William Brewer na mwenzake Edward Lichtenstein walilishughulikia swali hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitenganisha mpangilio wa matukio yalivyotokea na mpangilio wa matukio yanavyosimuliwa, kisha wakaonyesha kuwa hisia za msomaji hutegemea jinsi mipangilio hiyo miwili inavyoachana. Akielezwa chanzo cha hatari kisha akacheleweshewa mwisho wake, hupata taharuki. Akionyeshwa matokeo huku akifahamu kwamba chanzo chake kimefichwa, hupata hamu ya kukisaka. Akifichwa jambo bila hata kujua kuwa lipo, litakapofichuka atashtuka.

Tuipime hoja hiyo kwa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1967, A Grain of Wheat. Matukio yenyewe, ukiyanyoosha, ni haya. Kihika, mpiganaji wa msituni, anamuua ofisa wa kikoloni aitwaye Robson, kisha anakimbilia kwa Mugo, mkulima mpweke wa kijiji cha Thabai. Mugo anamsaliti kwa ofisa mwingine, Thompson. Kihika ananyongwa. Baadaye Mugo anamtetea mwanamke anayepigwa kwenye kazi ya kuchimba handaki, anatiwa kizuizini, na anarudi kijijini akionekana shujaa.

Ngũgĩ haanzi huko. Anaanza siku chache kabla ya uhuru wa Kenya wa Desemba 1963, pale wazee na wapiganaji wanapomwendea Mugo kumwomba ahutubie sherehe. Wakati huohuo wanamtafuta aliyemsaliti Kihika, na shaka yao yote iko kwa Karanja, aliyewatumikia wakoloni waziwazi. Tunaziona hofu za Mugo kwa karibu, lakini sababu yake hatupewi. Kwa hiyo tunajitungia sababu wenyewe: labda ni mateso ya kizuizini, labda ni unyenyekevu. Sisi nasi tunamtazama Karanja kwa jicho baya.

Sasa fikiria simulizi ingenyooka. Tungeujua usaliti mapema, na kila sifa anayopewa Mugo ingekuwa kinaya papo hapo. Tungewaona wanakijiji wamepotoka, sisi tukiwa salama pembeni. Kwa mpangilio wa Ngũgĩ, kosa lao ni letu pia. Nadhani hapo ndipo ustadi wa riwaya hii ulipo, kuliko katika siri yenyewe.

Lakini kuna hatua ya pili ambayo wahakiki wengi huiruka. Ngũgĩ haiweki siri hadi kwenye jukwaa la sherehe. Kabla ya hapo anaturudisha kwenye ofisi ya Thompson tukaushuhudie usaliti, na Mugo anakiri kwa Mumbi, dada yake Kihika. Kuanzia hapo tunajua wasichojua wanakijiji. Mumbi anapojaribu kumwonya Karanja asihudhurie, tunaelewa kwa nini. Hamu ya kujua nani alifanya imegeuka kuwa taharuki: je, Mugo atasema? Anaposimama mbele ya umati na kukiri, wao ndio wanaoshtuka. Sisi tulikuwa tunamsubiri.

Kurudi nyuma kuna gharama yake. Mwaka 1996 mtafiti Rolf Zwaan alionyesha kuwa wasomaji hutumia muda mrefu zaidi kwenye sentensi inayoruka saa nzima kuliko inayosogea punde tu, na yaliyotangulia mruko hayakumbukwi kwa wepesi uleule. Hiyo ilikuwa miruko ya kwenda mbele, katika hadithi fupi za maabara, si riwaya nzima. Hata hivyo inatukumbusha kuwa mruko wa wakati ni kazi kwa akili. Usipoleta ujuzi mpya, umemchosha msomaji bure.

Unapoandika insha yako, chora safu mbili: ya kwanza matukio yalivyotokea, ya pili yalivyosimuliwa. Pale safu zinapoachana, andika nani anajua nini: msomaji, mhusika mkuu, wahusika wengine. Kisha hamisha rejeshi hiyo kichwani mwako, uipeleke mwanzoni. Ikiwa hakuna ujuzi wa mtu yeyote uliobadilika, basi ni kumbukumbu ya kupita tu, na haistahili aya katika insha yako.