Shati Moja Kila Dakika Sita

Katikati ya Desemba nilikaa wiki nzima kwenye karakana ya mafundi sita iliyopewa kazi ya mashati 900 ya shule, meupe, mikono mifupi. Zilibaki siku 12 za kazi kabla mteja hajaja kuchukua mzigo wake. Mwenye karakana, mama ambaye ameshona kwa zaidi ya miaka ishirini, alinionesha daftari. Mashati yaliyokuwa yakikamilika kwa siku hayakufika hata 53.

"Kaka, hakuna anayelala hapa," aliniambia. "Wote wanashona tangu asubuhi. Ila mashati hayatoki."

Alikuwa na haki. Mafundi hawakuwa na kasoro. Kazi ndiyo iliyokuwa imegawanywa kwa mazoea: kila mtu anafanya anachokiweza, na anachokiweza zaidi ya wote kinamwelemea.

Tulianza na hesabu moja tu. Wanaingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Ukitoa saa ya chakula, dakika za chai, na dakika za kusafisha mashine na kuzitia mafuta, zinabaki dakika 450 za kushona kweli. Mashati 900 kwa siku 12 ni 75 kwa siku. Gawanya 450 kwa 75, unapata 6. Kila dakika sita lazima shati moja lililokamilika litoke mlangoni. Huo muda viwandani huitwa takti, neno la Kijerumani lenye maana ya pigo la muziki, na jina linafaa. Takti haikuambii fundi ana kasi gani. Inakuambia mteja anapiga ngoma kwa mwendo gani, na karakana nzima inapaswa kuufuata.

Kisha tukapima kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapima shati moja, tena fundi akijua anatazamwa, naye anakimbia. Sisi tulipima mashati kumi kwa kila hatua kwa saa ya simu, tukahesabu pia kuokota kipande, kukigeuza na kukata uzi, halafu tukachukua wastani. Ukataji wa vitambaa ulikuwa umeshamalizika, kwa hiyo hatukuuhesabu. Kutengeneza kola ni dakika 4.5. Mfuko 2.5, kukunja ukingo wa mbele 1.5, pindo la mikono 1.5. Kuunga mabega 1.5, kupachika kola 4, kupachika mikono 3.5, kufunga ubavu kwa ovaloki 2.5, pindo la chini 2. Matundu ya vifungo 2.5, vifungo vyenyewe 2.5, na mwisho kukata nyuzi, kukagua na kupiga pasi 3. Jumla dakika 31.5.

Gawanya 31.5 kwa takti ya 6, jibu ni 5.25. Robo ya mtu haipo, kwa hiyo wanahitajika sita, na sita walikuwepo. Tatizo halikuwa uchache wa watu.

Tatizo lilikuwa limekaa kwenye kiti cha fundi mkuu. Kola zote zilikuwa zake, kuzitengeneza na kuzipachika. Kola ni kazi ya subira: ugandishe kitambaa kigumu cha ndani kwa pasi, ushone vipande viwili uso kwa uso, upunguze ncha kwa mkasi, upindue, uzitoe ncha taratibu zisitoboke, kisha ushone mstari wa juu. Halafu uipachike shingoni bila pande mbili kupishana. Jumla dakika 8.5 kwa shati moja. Hata wenzake watano wangekuwa na kasi ya umeme, karakana isingetoa zaidi ya shati moja kila dakika 8.5, yaani 52 kwa siku. Kwa mwendo huo mashati 900 yangechukua siku 18. Huhitaji saa kuliona hilo. Mbele yake palikuwa na rundo la mashati yasiyo na shingo, na nyuma yake fundi wa mikono alikuwa akipanga nyuzi kwa rangi.

Kutengeneza kola hakusubiri shati. Unaweza kuanza asubuhi kabla hata bega moja halijaungwa. Hilo ndilo lililotufungulia njia: kola ikatengenezwe na mtu mwingine pembeni, fundi mkuu abaki na kuunga mabega na kuipachika, dakika 5.5. Hakulipenda. Alisema kola ndiyo sahihi yake, na malipo yake kwa kila kipande yalikuwa yamepangwa kwa kola nzima. Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Mama alikaa naye, wakapanga upya malipo kulingana na dakika za kila hatua, na kwa siku mbili yeye mwenyewe akamfundisha binti aliyechukua kola. Bila mazungumzo hayo, hesabu zetu zingebaki kwenye karatasi.

Wa pili alipewa mfuko, ukingo wa mbele na pindo la mikono: 5.5. Waliobaki watatu tuliwapanga kwanza kwa mstari ulionyooka. Mmoja mikono na ubavu, mmoja pindo la chini na matundu, wa mwisho vifungo na pasi. Hakuna aliyevuka dakika sita, lakini yule wa mikono alifika sita kamili, tena akiinuka kila mara kwenda kwenye ovaloki. Uzi ukikatika mara moja, amechelewa, na wote walio mbele yake wanasubiri.

Basi tukahamisha mashine, tukawakalisha watatu hao wakitazamana kama wanaokula sinia moja. Fundi wa mikono anapachika, anampa jirani wa ovaloki afunge ubavu, shati linamrudia ashone pindo la chini kwenye cherehani ileile: 5.5. Wa tatu anatoboa matundu na kutia vifungo: 5. Wa ovaloki analipokea tena mwishoni kwa ukaguzi na pasi: 5.5. Binti wa kola, mwenye 4.5, ndiye anayejaza bobini za wote. Kila mmoja sasa ana angalau nusu dakika ya kupumua ndani ya kila pigo, na kati ya mtu na mtu hayaruhusiwi kulala zaidi ya mashati matatu.

Mpango huu una mipaka yake. Gauni za vitenge, ambazo kila mteja ana mshono wake, hazipangiki hivi. Fundi mmoja akiugua, 31.5 kwa watu watano ni 6.3, tayari umeivuka takti, na itabidi wakae jioni. Oda ikishuka hadi mashati 50 kwa siku, takti inakuwa dakika 9 na mafundi wanne wanatosha, wawili wapewe kazi nyingine. Kila oda mpya, hesabu upya.

Ukutani mama alitundika ubao. Kila saa ya kushona, mashati kumi. Siku ya kwanza ya mpango mpya, saa 5 asubuhi, chaki iliandika 7. Rundo lilikuwa mbele ya fundi wa mikono. Mama hakumuuliza kwa nini anachelewa. Aliokota mkono mmoja wa shati, akauangalia ukingo wake, akaona mkataji hakuweka alama ya katikati, hivyo kila mkono ulikuwa unakunjwa na kupimwa upya kabla ya kupachikwa. Akachukua mkasi, akaenda meza ya kukatia, akaanza kutia alama mikono iliyobaki. Saa 7 chaki iliandika 10.