Msimbo wa malipo katika kipeperushi cha msikiti: aya isiguswe, sadaka isipotee

Siku kumi na mbili kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, mweka hazina wetu alinijia baada ya swala ya Alasiri akiwa na kipeperushi mkononi. Kilikuwa kile cha futari ya mayatima na wajane, kilichosanifiwa mwaka uliotangulia na kijana wa mtaani kwetu ambaye sasa yuko masomoni mbali. "Katibu," akasema, "watu siku hizi hawatembei na fedha taslimu. Tuwawekee ile alama ya miraba, mtu akiielekezea kamera ya simu afike moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuchangia." Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku tatu, na katika siku hizo nilikaribia kuchapisha aya ya Qur'ani ikiwa imevurugika.

Tulichokuwa nacho ni faili la PDF tu. Faili la awali, lile ambalo msanifu hulifungua na kubadili atakacho, lilipotea pamoja na kompyuta ya kijana yule. Wengi wetu hudhani PDF ni waraka kama waraka mwingine, kumbe ni karatasi iliyokwisha kuchapwa, ila imehifadhiwa ndani ya kompyuta. Ndani yake hamna sentensi wala aya. Mna maumbo ya herufi, kila moja likiwa limewekwa mahali pake kwa vipimo. Kwa herufi za Kilatini jambo hili halina madhara makubwa. Kwa Kiarabu, ambacho herufi yake moja hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake, hapo ndipo penye hatari.

Juu ya kipeperushi chetu palikuwa na aya ya 8 ya Surat Al-Insan, inayowataja wanaowalisha maskini, yatima na mateka. Nililifungua faili kwa programu ya LibreOffice Draw, ambayo haiuzwi na ambayo huweza kuifungua PDF na kuihariri. Nikaubandika msimbo pembeni, nikahifadhi, nikafurahi. Ustadhi wa madrasa ndiye aliyeniuliza kwa upole kama nimeisoma aya. Herufi zilizokuwa zimeungana zilitengana, irabu zilihama kutoka juu ya herufi zake, na neno moja lilisomeka kinyumenyume. Kompyuta yangu haikuwa na aina ya herufi aliyoitumia msanifu, hivyo programu ilijaribu kuyajenga upya maneno kwa herufi nyingine, ikashindwa. Programu za kuandikia zinazoigeuza PDF kuwa waraka wa kawaida huweza kufanya vilevile. Na mtu aliyeshughulika na kona ya chini ya ukurasa haangalii juu.

Njia salama ni kutolifungua faili hilo kwa kulihariri kabisa. Unatengeneza ukurasa mwingine mtupu wenye ukubwa uleule, unauweka msimbo mahali unapoutaka, kisha unaulaza ukurasa huo juu ya kipeperushi, kama mtu anayelaza karatasi ya plastiki inayoonyesha juu ya picha. Maandishi ya chini hayaguswi hata nukta.

Kipeperushi chetu kilikuwa cha A5, yaani milimita 148 kwa 210. Katika Draw nilifungua mchoro mpya, nikaweka ukubwa huo kwenye sifa za ukurasa, kisha nikachora mraba mweupe wa milimita 38 kila upande kwenye kona ya chini kulia. Juu yake niliweka msimbo kwa kupitia menyu `Insert > OLE Object > QR and Barcode`, ambapo unaandika anwani ya ukurasa wa malipo na programu inakuchorea msimbo papo hapo. Nikaupa upana wa milimita 30 na kuuweka katikati ya mraba mweupe. Nikautoa ukurasa huo kwa `Export as PDF` na kuuita `alama.pdf`. Hatua ya mwisho inafanywa na programu ndogo iitwayo qpdf, isiyo na madirisha wala vitufe. Unaiandikia amri moja:

```
qpdf futari.pdf --overlay alama.pdf -- futari-mpya.pdf
```

Neno `futari.pdf` ni faili la zamani, na `futari-mpya.pdf` ni lile litakalozaliwa. Faili la zamani linabaki kama lilivyo. Kipeperushi kikiwa na kurasa mbili na msimbo unatakiwa nyuma, unaongeza `--to=2` baada ya `alama.pdf`. Ukubwa wa kurasa mbili hizo usipolingana, msimbo hautakaa ulipoukusudia. Basi pima kwanza katika sifa za faili la zamani, kwani wachapaji wengine huongeza milimita chache za kukatwa pembeni.

Ule mraba mweupe si pambo. Kamera huutambua msimbo kwa miraba mitatu mikubwa iliyo kwenye pembe zake, na ili iione, inahitaji ukingo mtupu kuuzunguka, wenye upana wa vijiraba vinne vya msimbo wenyewe. Kipeperushi chetu kilikuwa cha kijani kibichi, na mjumbe mmoja alipendekeza msimbo uwe mweupe juu ya kijani ili upendeze. Tulipojaribu, simu mbili kati ya tano hazikuuona. Uwe mweusi juu ya nyeupe.

Sasa tuje kwenye kile kilichomo ndani ya msimbo, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachosahaulika zaidi. Msimbo wa QR, uliobuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Kijapani ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, ni maandishi tu yaliyogeuzwa vijiraba. Maandishi yakiwa mengi, vijiraba huongezeka. Kiungo tulichopewa na kampuni ya malipo kilikuwa na herufi zipatazo 140, chenye namba na alama ndefu zisizo na maana kwa msomaji. Kwa kiwango cha kati cha kujirekebisha, ambacho huuwezesha msimbo kusomeka hata takriban asilimia 15 ya data yake ikiharibika, anwani hiyo inahitaji vijiraba 49 kila upande. Ukivitia katika milimita 30, kila kijiraba kinapata milimita 0.6 tu. Karatasi ya bei nafuu ikinyonya wino kidogo, vijiraba vinashikana.

Msikiti wetu una tovuti ndogo, hivyo tulimwomba mwenye kuitunza atengeneze anwani fupi inayompeleka mtu kwenye ukurasa wa malipo. Kwa mfano:

```
https://msikiti.example/jengo
```

Hizi ni herufi 29, na msimbo wake una vijiraba 29 kila upande. Katika milimita zilezile 30, kila kijiraba kina milimita moja na ushei, na simu kuukuu huusoma bila taabu. Faida ya pili ni kubwa zaidi: tukibadili kampuni ya malipo, tunabadili njia ndani ya tovuti yetu, na vipeperushi vilivyokwisha kusambazwa vinaendelea kufanya kazi.

Kuna tovuti zinazokutengenezea msimbo bure na kukupa faida hiihii ya kubadili njia baadaye. Miaka miwili iliyopita tulitumia mojawapo kwa mchango wa zulia. Msimbo ulifanya kazi wiki mbili, kisha muda wa majaribio ukaisha. Waumini waliousoma wakakuta tangazo linalotaka mwenye msimbo alipie. Vipeperushi vilikuwa vimekwisha kuchapwa. Dalili ya mtego huo iko wazi ukijua pa kutazama: soma msimbo kwa simu kabla ya kuugusa. Simu huonyesha anwani kwanza. Ikiwa si anwani uliyoiandika wewe, bali ni ya hao waliokutengenezea msimbo, basi ufunguo wa sanduku lako la sadaka uko mikononi mwao.

Msomaji asichanganye msimbo huu na ule wa TANQR unaobandikwa madukani. Ule umebeba taarifa za mlipwaji na husomwa ndani ya programu ya benki au ya fedha za simu. Kamera ya kawaida haifungui ukurasa wowote nao. Msikiti wenye vyote viwili uandike chini ya kila mmoja jinsi unavyosomwa. Na chini ya msimbo wa kiungo, anwani iandikwe pia kwa herufi, kwani anayekipokea kipeperushi kwa WhatsApp hawezi kuielekezea kamera simu anayoishika. Kipeperushi chenyewe kitumwe kama hati, si kama picha, kwa sababu picha hubanwa na vijiraba hufifia.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji tulichapa nakala moja kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, bila kuiacha printa iipunguze. Ustadhi aliisoma aya herufi kwa herufi akilinganisha na msahafu. Tuliusoma msimbo kwa simu tano, mojawapo ikiwa na kioo kilichopasuka, ndani ya msikiti baada ya Isha ambapo taa si kali. Kisha mweka hazina alichangia shilingi 1,000 za kweli, akasubiri mpaka zionekane katika akaunti, na akathibitisha kwamba jina linalojitokeza kabla ya kulipa ni la msikiti, si la mtu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba ukurasa haukuwa na mahali pa kutenganisha zaka na sadaka. Zaka ina wanaostahiki wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba, na mweka hazina asingeweza kuzijua nia za watu kwa kutazama orodha ya miamala. Tukarekebisha ukurasa, kipeperushi hakikuhitaji kuguswa.

Kwa bango la ukutani tulitumia msimbo uleule lakini mkubwa. Kanuni ya kazi ni kwamba upana wa msimbo uwe sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji: anayesimama mita moja na nusu anahitaji sentimita 15.

Bango hilo ndilo linalonipa wasiwasi hadi leo. Mwezi Aprili 2023, katika Ramadhani, mtu mmoja alikamatwa Jakarta kwa kubandika stika za misimbo yake ya malipo katika misikiti kadhaa, ukiwemo Msikiti wa Istiqlal, na michango ikaingia katika akaunti yake. Stika zilionekana kuwa ni za msikiti. Sisi tumeweka bango letu nyuma ya kioo, tumeandika kwa herufi kubwa jina linalopaswa kujitokeza kwenye simu kabla ya kulipa, na muadhini hupitisha kidole juu ya kioo kila Ijumaa asubuhi kuhisi kama kuna karatasi iliyoongezwa, kisha huusoma msimbo kwa simu yake na kunitumia picha ya skrini yenye anwani iliyotokea.