Friji Imeuzwa, Deni la Fundi Limebaki

Mteja anayenunua friji Kariakoo huondoka na risiti pamoja na kadi ya waranti ya miezi 12. Kwa muuzaji aliyeitoa kadi hiyo, risiti ni mapato na kadi ni deni. Kompresa ikifa Agosti, yeye ndiye atakayelipa, ingawa wajibu wenyewe ulianza siku aliyouza. Ndiyo maana Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 37 kinamtaka aingize kwenye hesabu za mwaka wa mauzo gharama ya matengenezo ambayo bado hayajafanyika. Asipofanya hivyo, faida ya mwaka huu itavimba, na mwaka ujao utabeba mzigo wa friji ambazo haukuziuza.

Atajuaje kiasi? Friji moja haitabiriki, ila friji elfu moja zinatabirika kwa kadiri fulani. Tuchukue duka la mfano lililouza friji 1,000 mwaka mzima. Madaftari ya fundi wake yanaonyesha kwamba katika kila friji 100, friji 90 humaliza waranti bila kurudi. Nane hurudi kwa hitilafu ndogo, kama themostati au relei, kwa wastani wa shilingi 40,000. Mbili huhitaji kompresa mpya, kujazwa gesi na usafiri, jumla shilingi 350,000 kila moja. Kwa friji 1,000, hitilafu ndogo 80 zitagharimu shilingi milioni 3.2 na kompresa 20 zitagharimu milioni 7. Jumla ni milioni 10.2, yaani shilingi 10,200 kwa kila friji inayotoka dukani.

Si kwamba fedha hizo zinafungiwa kabatini. Zinaandikwa kama gharama upande mmoja na kama deni upande wa pili, na deni hilo hupungua kila fundi anapolipwa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kazi ngumu ni kupata ile kumi katika mia, na hapo ndipo maduka mengi hujidanganya bila kukusudia. Tuseme mwisho wa Desemba mwenye duka anaona kwamba katika friji 1,000 za mwaka huo zimerudi 52 tu. Anagawanya, anapata asilimia 5.2, anafurahi na kutaka makadirio yapunguzwe kwa karibu nusu. Anasahau kwamba friji 400 aliziuza Novemba na Desemba, msimu wa sikukuu, na baadhi yake hazijamaliza hata wiki moja kwenye umeme. Haziwezi kuwa zimerudi. Duka linalokua haraka ndilo linaloathirika zaidi, kwa sababu mauzo mapya daima yanatangulia malalamiko yake.

Mhasibu makini hupanga malalamiko kwa mwezi wa mauzo, wala si kwa mwezi wa matengenezo. Akitazama friji za Januari na Februari peke yake, ambazo waranti yake inakaribia kuisha, anakuta takriban kumi katika mia zimerudi, kama zamani. Kwa hiyo makadirio yanabaki. Kati ya zile 52, hitilafu ndogo zilikuwa 46 na kompresa 6, zilizogharimu shilingi milioni 3.94. Ukitoa hizo kwenye milioni 10.2, deni linalobaki kwenye mizania tarehe 31 Desemba ni milioni 6.26. Sehemu kubwa yake ni kompresa 14 zinazotarajiwa kuharibika mwaka ujao.

Kisha kuna umeme. Kadi nyingi husema waranti haihusu friji iliyoungua kwa sababu umeme ulipanda na kushuka. Lakini duka likizoea kuzitengeneza hata hizo ili kulinda jina, na wateja wakalitegemea kwa hilo, mazoea hayo nayo yanakuwa wajibu. Gharama yake lazima iingie kwenye makadirio, hata kama kadi inasema vingine.

Makadirio yakigeuka, hesabu za zamani hazifunguliwi upya; tofauti inabebwa na mwaka ule ilipojulikana. Mwaka 2007 Microsoft, baada ya mashine zake za michezo za Xbox 360 kuharibika kwa wingi, ilirefusha waranti ya hitilafu ile hadi miaka 3 na kutangaza gharama ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mkupuo, ikiwa ni pamoja na ya mashine zilizokwisha kuuzwa.

Duka letu lina bahati moja: huenda kiwanda kikarudisha bei ya kompresa. Hata hivyo, haliruhusiwi kulipunguza deni kwa sababu hiyo. Mteja anaidai kutoka dukani, si kiwandani. Fidia ya kiwanda huandikwa peke yake kama mali, na ni pale tu inapokuwa karibu hakika kwamba italipwa. Fundi na gari la kubebea friji, ambavyo kwa kawaida kiwanda hakivilipii, hubaki juu ya duka.