Miaka mitatu ya ukaguzi haikufundishi kufunga mwezi

Mwezi huu swali limenifikia mara ya nne, na safari hii lililetwa na mzazi. Alikuja na kijana wake aliyemaliza shahada ya biashara pale MUBS, Nakawa, wakapanda kilima hadi ofisini kwangu Naguru. Hata chai haijamiminwa, mzee akaanza: "Mwalimu, tuambie tu. Aingie ukaguzi au uhasibu?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. Wenzake wamemwambia kijana akifanya ukaguzi miaka mitatu, milango yote itafunguka, kwa sababu mkaguzi anaweza kuwa mhasibu siku yoyote akitaka, ila mhasibu hawezi kuwa mkaguzi.

Mimi nimefanya yote mawili, na kauli hiyo imenichosha. Kinachonichosha zaidi ni kwamba ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Ni kweli waajiri wa Kampala wanawapenda vijana waliopitia kampuni kubwa za ukaguzi. Katika miaka mitatu kijana huyo ameingia benki, kiwanda, shirika la misaada na kampuni ya bima, akaona jinsi kila mmoja wao anavyotunza hesabu zake. Amejifunza kudai ushahidi, kuandika kwa kifupi na kufanya kazi usiku tarehe ya mwisho inapokaribia. Hayo ni mali. Lakini kutoka hapo kuruka hadi "basi uhasibu anaujua" ni kama kusema mwamuzi wa mpira anajua kufunga mabao kwa kuwa ameyaona mengi.

Mkaguzi wa nje hukuta hesabu zimeshafungwa. Kuna mtu aliyezifunga, na kwa kawaida alizifunga wiki kadhaa kabla mkaguzi hajashuka kwenye gari. Tena maadili ya taaluma yanamkataza mkaguzi kuziandaa kisha akazitolea maoni, kwa kuwa hakuna anayeweza kuikagua kazi ya mkono wake mwenyewe kwa haki. Kwa hiyo kile unachodhani anakijua ndicho hasa alichokatazwa kukifanya.

Nitatumia ankara moja, kama nilivyomwonyesha yule mzee. Tuseme kuna kampuni hapa Naguru, mojawapo ya zile zilizopanga nyumba ya zamani na kuigeuza ofisi. Faida yake kabla ya kodi ni shilingi milioni 600. Mwezi Novemba fundi alitengeneza jenereta kwa shilingi 6,500,000, akaongeza VAT ya asilimia 18, yaani 1,170,000. Jumla 7,670,000, na akalipwa zote. Tatizo ni kwamba alileta ankara ya karatasi, haikutolewa kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA.

Mkaguzi akija, kwanza hupanga kiwango cha uzito, yaani kosa la ukubwa gani linaweza kumpotosha msomaji wa hesabu. Wengi huanzia asilimia 5 ya faida, na hapa ni milioni 30. Kisha huweka kizingiti cha chini zaidi, na kosa lililo chini yake halikusanywi kabisa. Wengi hutumia asilimia 5 ya ile milioni 30, yaani milioni moja na nusu. VAT ya fundi ni 1,170,000. Haifiki. Kijana wa ukaguzi ataandika mstari mmoja kwenye karatasi zake za kazi, azifunge na kwenda kwenye mauzo, na atakuwa amefanya kazi yake sawasawa.

Mhasibu hana kizingiti. Ritani ya VAT ya Novemba inatakiwa URA kufikia tarehe 15 Desemba, na VAT ya manunuzi isiyo na ankara ya EFRIS hairuhusiwi kudaiwa. Ana siku chache za kumtafuta fundi atoe ankara halali. Fundi akizima simu, 1,170,000 hiyo inageuka gharama ya kampuni. Na haiishii hapo. Sheria ya kodi ya mapato nayo inakataa matumizi ya aina hiyo yasiyo na ankara ya kielektroniki, kwa hiyo ile 6,500,000 ikikataliwa, kodi ya kampuni ya asilimia 30 inaongezeka kwa 1,950,000. Kijikaratasi ambacho mkaguzi alikiruka kwa haki kabisa kimeigharimu kampuni shilingi 3,120,000.

Mzee akasema kwa kampuni yenye faida ya milioni 600 hizo ni pesa ndogo. Kijana wake, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, akauliza: "Nani aliidhinisha alipwe bila ankara ya EFRIS?"

Hilo ndilo swali la mkaguzi, na wahasibu wengi hawaliulizi. Mhasibu aliyekaa miaka kumi kwenye vitabu vilevile ana maelezo ya kila pengo: fundi huyo ni wa siku nyingi, bosi alikuwa na haraka, umeme ulikatika. Mkaguzi mzuri anaona mlango uliopitisha karatasi moja na kujiuliza umepitisha ngapi. Akigundua malipo arobaini yalipita hivyo, kizingiti chake hakimkingi tena, maana sasa ana udhibiti mbovu mikononi.

Kwa hiyo kazi hizi mbili hazipishani kwa ngazi. Kila moja inaikunja akili upande wake. Mmoja anazoea kuuliza kama picha nzima inaaminika, mwingine anazoea kutolala hadi shilingi ya mwisho imepata makao. Mazoea hayo yakishakomaa hayavuliwi kama koti.

Nimewaona wakaguzi wakiingia kwenye kiti cha meneja wa fedha kwa mara ya kwanza. Kufunga mwezi kuna mpangilio wake: unasimamisha uingizaji wa ankara za mwezi uliopita, unasuluhisha benki, unaweka makadirio ya bidhaa zilizopokelewa ambazo ankara zake hazijafika, unahamisha sehemu ya kodi ya pango iliyolipwa mapema, unapiga uchakavu, unafunga mishahara. Kodi ya mishahara, VAT na NSSF (asilimia 5 ya mfanyakazi, 10 ya mwajiri) zote zinadaiwa kufikia tarehe 15. Mgeni kutoka ukaguzi huvijua vitu hivi vyote kwa majina. Lakini siku ya kwanza anakaa akisubiri majedwali yaletwe, kama alivyozoea kuletewa na wateja. Hakuna wa kuyaleta. Wa kuyaleta ni yeye.

Dalili yake huioni kwenye faida, unaiona kwenye akaunti ya kusubiri. Kila kisichojulikana kinawekwa humo "kwa muda". Mwezi wa kwanza ina milioni tatu, wa pili tisa, na kufikia wa nne bosi anauliza mbona pesa iliyo benki hailingani na ripoti. Mwenye kichwa atainua mikono, atakaa na karani wa leja jioni kadhaa, na kwa mwaka mmoja atakuwa sawa. Wengine huondoka kabla ya hapo na kurudi kwenye ukaguzi wakidai kampuni ilikuwa na fujo.

Sasa suala la muda, ambalo wenye kauli ya milango hawaligusi. Mlango huo hufunguka kweli, ila una saa zake. Aliyemaliza mitihani ya CPA na kuongoza timu za ukaguzi kwa mwaka mmoja au miwili anahama bila shida katika miaka ya tatu hadi ya tano. Anachukuliwa kama mtu wa kufundishika. Akifika mwaka wa nane ni meneja wa ukaguzi. Analipwa kumshinda mhasibu mkuu wa kampuni ya kati, lakini hajawahi kufunga hata mwezi mmoja, huku mshindani wake ameshafunga tisini. Mwajiri hataki kumlipa mshahara wa mkuu ili aje ajifunze kazi. Hapo njia zake zinabaki ubia katika kampuni ya ukaguzi, ukaguzi wa ndani, uchunguzi wa udanganyifu, au kazi za usimamizi kwenye mamlaka za serikali. Zote ni kazi za heshima, ila si "milango yote".

Upande wa pili kizuizi ni cha sheria. Chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2013, huwezi kuiweka sahihi yako kwenye maoni ya ukaguzi bila cheti cha utendaji kutoka taasisi ya wahasibu, ICPAU. Uanachama wa CPA pekee hautoshi. Mhasibu wa miaka kumi na tano anayetaka kufungua ofisi ya ukaguzi anapaswa kwanza kujijengea uzoefu wa kazi hiyo, na maana yake ni kukaa chini ya vijana waliozaliwa yeye akiwa sekondari. Wachache wana subira hiyo.

Hata hivyo, wanaodhani ukaguzi ndio njia pekee ya kufika juu serikalini wasome Katiba ya 1995, ibara ya 163. Sifa ya kitaaluma inayotakiwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali ni kuwa mhasibu aliyefuzu kwa muda usiopungua miaka 15. Imeandikwa mhasibu. Nilimsomea mzee yule maneno hayo mara mbili.

Jambo jingine: majina ya kazi yanadanganya. Kuna ofisi ndogo nyingi mjini ambako "ukaguzi" ni kupokea bahasha ya risiti, kuandika vitabu toka mwanzo, kisha kuvitolea maoni ili mteja apate mkopo. Ni kinyume cha maadili, ila kijana wa hapo huujua uhasibu kuliko wa kampuni kubwa. Kadhalika kuna makampuni makubwa ambako "mhasibu" hulinganisha ankara za wauzaji na hati za kupokelea mizigo miaka minne mfululizo, na leja kuu haioni hata kwa mbali.

Basi, kwa haraka. Ukipata nafasi katika ukaguzi, ingia, maliza mitihani, na mwaka wa nne uamue. Usiache mwaka wa nane ukuamulie. Ukiwa humo omba wateja wenye maghala na viwanda, usizungushwe kwenye mashirika ya misaada peke yake. Ukiona utahama, usihamie kwa mteja uliyekuwa unamkagua bila kuitaarifu ofisi yako mapema, maana unaugusa uhuru wake. Ukianza na uhasibu, dai kuzungushwa: mishahara mwaka huu, kodi mwaka ujao, kisha leja kuu. Ukiwa mhasibu unayetaka jicho la mkaguzi, ukaguzi wa ndani ndio daraja fupi, na cheti cha CIA kinasaidia. Ila vyeti vitatu bila kazi iliyofanywa havimbabaishi mwajiri. Na kokote unakokwenda kuhojiwa kwa kazi ya uhasibu, wakishamaliza maswali yao, waulize nani anafunga mwezi na hufungwa tarehe ngapi. Wakikujibu kwamba mkaguzi huja kuvinyoosha vitabu mwisho wa mwaka, washukuru kwa chai.