Piga picha lebo ya biskuti, simu ikutajie sukari: hivi ndivyo inavyokosea

Umesimama dukani na pakiti ya biskuti mkononi. Mama ana kisukari, na maandishi ya nyuma ni madogo kama chungu. Unapiga picha, programu inakuambia: sukari gramu 2.2 kwa kila gramu 100. Safi, unanunua.

Shida ni kwamba lebo yenyewe imeandika 22. Hiyo ni kama vijiko vitano na nusu vya chai, wala siyo nusu kijiko. Kidoa kidogo kilichokaa katikati ya tarakimu mbili, simu imekisoma kama nukta ya desimali.

Simu inafanya nini hasa?

Kazi ni mbili. Kwanza inayageuza maandishi ya kwenye picha kuwa herufi na namba. Pili inaamua kila namba ni ya nini, kisha inaiweka kwenye kisanduku chake. Hifadhidata ya wazi ya Open Food Facts, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012 na inayojazwa na watu wa kawaida wenye simu, ina visanduku vya namna hii. Biskuti zetu zingetakiwa kuonekana hivi:

```
energy-kcal_100g: 462
fat_100g: 18
carbohydrates_100g: 68
sugars_100g: 22
proteins_100g: 7
salt_100g: 0.8
```

Kipimo cha kwanza: piga hesabu ya nguvu

Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Ya wanga hutoa 4, na ya protini 4 pia. Kwa hiyo mafuta 18 ni 162, wanga 68 ni 272, protini 7 ni 28. Jumla ni 462, sawasawa na lebo. Ikipishana kidogo usishtuke, maana watengenezaji hukadiria namba na nyuzilishe nazo huongeza kiasi.

Sasa tuseme simu imesoma "7 g" kama 79, kosa la kawaida kwa sababu herufi g hufanana na 9. Jumla inaruka hadi 750. Hapo unajua mara moja kuna kitu hakiko sawa.

Lakini kosa letu la sukari linapita bila kukamatwa. Kwa nini? Sukari tayari imo ndani ya wanga, haihesabiwi peke yake. Iwe 22 au 2.2, jumla haibadiliki.

Kipimo cha pili: linganisha safu mbili

Lebo nyingi zina safu mbili za namba: moja kwa gramu 100, nyingine kwa kipimo cha mlo mmoja. Kwenye pakiti yetu mlo mmoja ni gramu 30, kwa hiyo kila namba ya safu ya pili lazima iwe 0.3 ya ile ya kwanza. Mafuta: 18 na 5.4, sawa. Wanga: 68 na 20.4, sawa. Sukari: 2.2 na 6.6? Haiwezekani mlo wa gramu 30 uwe na sukari nyingi kuliko gramu 100. Kosa limekamatwa.

Safu hizi zina mtego wake pia. Simu ikichukua safu nzima ya mlo mmoja na kuiita ya gramu 100, hesabu ya nguvu bado itakubali, kwa kuwa kila kitu kimepungua kwa kiwango kilekile. Dalili ni biskuti zenye kilokalori 139 tu kwa gramu 100. Biskuti kavu haziwi nyepesi hivyo.

Wenye presha, angalieni hapa

Lebo za Ulaya huandika chumvi, za Marekani huandika sodiamu, tena kwa miligramu. Kupata chumvi, zidisha sodiamu mara 2.5. Sodiamu miligramu 320 ni gramu 0.32, yaani chumvi gramu 0.8. Programu ikiweka 0.32 kwenye kisanduku cha chumvi, namba inaonekana ya kawaida kabisa, na hesabu ya nguvu haitasema lolote.

Na viungo je?

Hapa mtego ni mabano. "Sukari, kiunganishi (lesithini ya soya, E471), chumvi" ni viungo vitatu, na cha pili kina vitu viwili ndani. Programu inayokata kila inapoona mkato itakipasua kiunganishi, na soya inaweza kupotea njiani. Kwa mwenye mzio wa soya, hilo ndilo neno alilokuwa analitafuta.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, nyoosha plastiki, geuza pakiti mpaka mng'ao wa taa uondoke, na picha ichukue safu zote mbili. Matokeo yakitoka, tafuta namba ile moja inayokuhusu, halafu iangalie kwenye lebo yenyewe kwa macho yako.